Ardhi ya Razaba: mwekezaji alikuwa na mkataba, wakazi walikuwa na kanuni

Ukitoka Bagamoyo mjini kwa barabara ya Msata, ukafika Makurunge na kukata kulia kuelekea Saadani, unaingia kwenye ardhi ambayo wenyeji bado wanaiita Razaba. Kirefu chake ni Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Serikali ya Zanzibar ilifugia ng'ombe hapa kuanzia miaka ya 1970, na ranchi ikafa miaka ya 1990. Ng'ombe waliondoka, watu wakabaki, na wengine wakaja: wakulima wa mihogo na mahindi, wafugaji, wachoma mkaa, na waliokuwa wafanyakazi wa ranchi ambao hawakuwa na pengine pa kwenda. Hakuna aliyewapa hati. Hakuna aliyewatoa pia.

Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya SEKAB ya Uswidi ilikuja kutafuta ardhi ya kulima miwa kwa ajili ya ethanoli. Mwaka 2009 mradi uliuzwa kwa kampuni nyingine ya Uswidi, ukajulikana kwa jina la EcoEnergy, na lengo likawa sukari kwanza, ethanoli na umeme baadaye, kwa maji ya Mto Wami. Mwaka 2013 mradi ulipata hati ya miaka 99 kwa zaidi ya hekta 20,000. Mwaka 2015 Sida, shirika la maendeleo la serikali ya Uswidi lililokuwa limeudhamini mkopo wa mradi, lilijitoa. Mwaka 2016 serikali yetu iliusitisha mradi na kuifuta hati. Hakuna sukari iliyotoka.

Mwaka 2022 jopo la wasuluhishi chini ya kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, kesi namba ARB/17/33, liliamua Tanzania iwalipe wawekezaji hao takriban dola milioni 165.

Kesi hiyo imeandikwa sana kama kesi ya fedha: tumeshindwa, tunadaiwa, nani alaumiwe. Mimi inanishughulisha kwa sababu nyingine. Ardhi ilikuwa moja na mradi ulikuwa mmoja. Waliopata hasara ulipokwama walikuwa pande mbili, mwekezaji aliyetumia fedha zake na kaya zilizohesabiwa, zikaambiwa zitahamishwa, zikaishi miaka kadhaa zikingoja. Upande mmoja ulikuwa na mahali pa kudai na ukadai. Upande wa pili haukuwa nako. Anayetaka kujua maana ya kukosekana kwa mkataba wa dunia unaozifunga kampuni kwenye haki za binadamu anaweza kuiona kwenye tofauti hiyo bila kwenda Geneva, unakojadiliwa mkataba huo.

Nianze na alichokuwa nacho mwekezaji. Mwaka 1999 Tanzania na Uswidi zilitia saini mkataba wa kulinda uwekezaji. Mikataba ya aina hii ni mifupi, lakini ina makali. Inasema mwekezaji wa nchi ya pili atatendewa haki na usawa, hatanyang'anywa mali bila fidia, na akiona amenyang'anywa ataishitaki serikali moja kwa moja mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Haombi ruhusa kwa Mwanasheria Mkuu wala kwa balozi wake. Wasuluhishi kwa kawaida ni watatu. Tuzo, yaani uamuzi wao, ikitoka, mkataba ulioanzisha kituo hicho mwaka 1965, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1992, unaitaka kila nchi mwanachama iitambue tuzo kana kwamba ni hukumu ya mwisho ya mahakama zake yenyewe. Mdai anaweza kuzifuata mali za serikali iliyoshindwa popote ambapo sheria za nchi hiyo zinaruhusu kuzikamata.

Sisemi mwekezaji alidai kisichokuwa chake. Alipewa hati, akatumia fedha, hati ikafutwa. Ninachotaka kionekane ni kwamba dunia inajua kuandika mkataba wenye meno. Inajua kumpa mtu binafsi haki ya kuishitaki serikali nje ya nchi, na kuifanya hukumu hiyo itekelezwe katika nchi zaidi ya 150. Kwa hiyo wanaposema mkataba wa haki za binadamu kwa kampuni ni mgumu kiufundi, kwamba sheria ya kimataifa haikutengenezwa kwa ajili ya watu binafsi na kampuni, mimi naikumbuka kesi namba ARB/17/33.

Sasa tuje kwa wakazi. Walikuwa na kitu, na tusikidharau. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoandaliwa chini ya Profesa John Ruggie. Kanuni ziko 31. Kiini chake kwa kampuni ni uangalifu stahiki: kampuni ichunguze mapema ni nani ataumia kutokana na shughuli zake, ichukue hatua kulingana na ilichokiona, ifuatilie kama hatua hizo zimefanya kazi, kisha iwaeleze wahusika. Ikikuta imesababisha madhara, ishiriki kuyarekebisha. Maneno ni mazuri, lakini Kanuni zenyewe zinasema wazi kwamba haziundi wajibu mpya wa sheria ya kimataifa. Ni matarajio.

Kwenye mradi kama wa Razaba, matarajio hayo huingia kwa mlango wa mkopo. Mwekezaji hana fedha zote, anakwenda kwenye mabenki ya maendeleo, na benki zinamwambia hazitoi mkopo mpaka afuate viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi. Kiwango namba 5 ndicho kinachohusu ardhi na kuhamisha watu. Mpango wa kuwahamisha wakazi wa Razaba ulijengwa juu ya kiwango hicho.

Kina jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloipa kesi hii ugumu wake. Kiwango namba 5 kinawagawa watu katika makundi matatu. Wa kwanza wana hati. Wa pili hawana hati, lakini wana madai ambayo sheria ya nchi inaweza kuyatambua, kwa mfano haki ya kimila. Wa tatu hawana haki yoyote inayotambulika, yaani wale ambao ofisi zetu za ardhi huwaita wavamizi. Sheria ya nchi humwangalia mvamizi kama mtu wa kuondolewa. Kiwango namba 5 kinasema hata huyo alipwe nyumba yake, mazao yake na alivyoviendeleza, apate msaada wa kuhama, na apate mahali pa kukaa ambapo hatafukuzwa tena. Ardhi yenyewe ndiyo halipwi.

Kwa hiyo mkazi wa Razaba aliyeambiwa na serikali yake kwamba yuko kwenye ardhi isiyo yake, kwenye karatasi alikuwa na ahadi nzuri zaidi kutoka kwa benki ya mbali. Naomba jambo hili libaki kichwani, kwa sababu wapo wanaharakati wanaoizungumzia kesi hii kana kwamba kufutwa kwa mradi kulikuwa ushindi wa wakazi. Kulikuwa ushindi dhidi ya mradi. Kama kulikuwa ushindi kwa wakazi, sijui walipata nini mkononi.

Kuona kwa nini nasema hivyo, fuata zoezi la uthamini linavyofanyika. Linaanza na mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti anawatangazia watu kwamba wataalamu wanakuja kuhesabu, na inatajwa tarehe ya mwisho. Chochote kitakachojengwa au kupandwa baada ya tarehe hiyo hakitahesabiwa. Sababu yake ni ya msingi, kwa maana bila tarehe hiyo watu wangemiminika kutoka Dar es Salaam kuja kuchomeka miche. Kisha timu inakuja na mthamini, mpimaji na mtendaji. Wanaizunguka nyumba wakiandika vyumba, ukuta wa nini, paa la nini. Shambani wanahesabu mti mmoja mmoja: minazi michanga, minazi inayozaa, iliyozeeka, miembe, mikorosho, migomba kwa mashina, mihogo kwa ukubwa wa eneo. Mwisho mwenye nyumba anasimama mbele ya mlango wake ameshika kibao chenye namba, anapigwa picha. Anatia saini au dole gumba. Kama ana bahati anapewa nakala ya fomu.

Kuanzia hapo maisha yake yanasimama, na hili fomu hailioni.

Chukua kaya ya mfano yenye minazi 30 na eka mbili za mihogo. Tuseme imehesabiwa mwaka 2012 na mradi ukafutwa 2016. Mihogo haina shida, unapanda na unavuna ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, na ukihamishwa kabla hujavuna hasara yako ni ya msimu. Mnazi ni jambo lingine. Mnazi mrefu wa pwani yetu unachukua miaka mitano hadi saba kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Mkulima mwenye minazi 30 huwa anapanda michache kila baada ya muda ili mipya ichukue nafasi ya ile inayochoka. Ukimwambia mwaka 2012 asipande mazao ya kudumu kwa sababu hayatalipwa, miche ambayo angeipanda mwaka huo ingekuwa inaanza kumpa nazi karibu mwaka 2018. Mradi ukifutwa 2016 anarudi shambani kuanza upya, na pengo analifikia miaka baadaye, wakati minazi ya zamani inazidi kupungua. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Aliyekuwa anakusanya fedha za bati anaacha, kwa kuwa bati litakalopigwa baada ya tarehe ya mwisho halimo kwenye picha. Kijana aliyetaka kuoa na kujenga pembeni mwa baba yake anaambiwa asubiri.

Hasara hizo hazikuletwa na trekta, wala hakuna nyumba iliyobomolewa. Zimeletwa na zoezi lenyewe la uangalifu, lililofanywa kwa kufuata kiwango, kisha likaachwa njiani. Fomu hupima kilichopo siku ya kuhesabu. Kilichoshindwa kuwepo kwa sababu ya kuhesabiwa hakina safu yake.

Sheria yetu inayo namna fulani ya kulitambua tatizo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ilikuja kuongeza kwamba uthamini una uhai wa miaka miwili, ukipita bila malipo unafanywa upya, na kwamba fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita riba inaanza kuhesabika. Ni hatua nzuri, na imezaliwa na vilio vya watu wengi waliokaa na alama ya X ukutani kwa muongo mzima. Lakini inamsaidia anayesubiri kulipwa. Mtu ambaye mradi wake umefutwa hana fidia iliyochelewa, kwa sababu hakuna anayechukua ardhi yake tena. Na kama jina lake ni mvamizi, mlango wa mahakama aliobakiwa nao ni mwembamba sana.

Sasa turudi kwa mfuatano wa matukio. Sida ilipojitoa mwaka 2015, mashirika yaliyokuwa yakiupinga mradi yalishangilia. Kwa mizania ya Kanuni Elekezi, Sida haikuwa mtazamaji wa pembeni. Kanuni ya 4 inazitaka serikali zihakikishe kwamba taasisi zao zinazozidhamini kampuni zinadai uangalifu stahiki kutoka kwa kampuni hizo. Na Kanuni ya 19, inayozungumzia kuvunja uhusiano wa kibiashara, inaonya kwamba kabla ya kuondoka ni lazima uyapime madhara ambayo kuondoka kwenyewe kutaleta. Kwa aliyehesabiwa, kuondoka kwa mdhamini kulikuwa na maana moja tu: aliyekuwa anadai kiwango namba 5 kifuatwe sasa hayupo. Kiwango kile kilikuwa sharti la mkopo. Hakikuwa deni kwa mkazi. Mkopo ulipokufa, sharti likafa nao, na kamati za malalamiko zilizoundwa vijijini zikabaki hazina wa kuzijibu.

Huo ndio udhaifu ninaotaka ubishaniwe, zaidi ya ule wa kawaida wa kusema kampuni haziheshimu kanuni za hiari. Tuchukulie kampuni inaziheshimu kwa moyo wote. Hata hivyo, uangalifu unaotegemea fedha ya mkopeshaji unaisha pale fedha inapoisha, na mara nyingi hapo ndipo watu wanapouhitaji zaidi.

Je, mkataba wa dunia ungebadilisha nini? Juni 2014, Ekuado na Afrika Kusini zilipeleka azimio kwenye Baraza la Haki za Binadamu kutaka kiundwe kikundi kazi cha kuandika mkataba unaofunga. Lilipita kwa kura 20 dhidi ya 14, nchi 13 zikijizuia. Kenya ilipiga kura ya ndiyo. Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Japani zilipiga hapana. Kikundi kimekutana Geneva kila mwaka tangu 2015, na rasimu zimetolewa moja baada ya nyingine, ya kwanza mwaka 2018 na nyingine mwaka 2023. Mkataba haujapatikana. Wenye kumbukumbu watasema hii si mara ya kwanza: Umoja wa Mataifa ulihangaika na kanuni za mwenendo wa kampuni za kimataifa kuanzia miaka ya 1970 hadi ukaziacha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2003 rasimu nyingine ililetwa ikakosa wa kuipitisha.

Azimio la 2014 lilikuwa na tanbihi moja ndogo ambayo, kwa maoni yangu, inaeleza sehemu kubwa ya mvutano. Ilisema kampuni zinazohusika ni zile zenye sura ya kimataifa katika shughuli zake, na kwamba kampuni za ndani zilizosajiliwa kwa sheria za nchi hazimo. Nchi zinazoendelea zilitaka hivyo kwa sababu zinazoeleweka, ziliona kampuni kubwa za nje ndizo zinazotoroka sheria. Ulaya ikaitumia tanbihi hiyo kama sababu ya kukaa pembeni: kwa nini kampuni ya Paris ibanwe na ya nyumbani iachwe? Wapo waliosema huo ulikuwa udhuru tu. Huenda. Lakini iangalie hoja yenyewe ukiwa Makurunge. Baada ya hati ya Waswidi kufutwa, sehemu ya ardhi hiyo ilipewa kampuni ya Kitanzania, Bagamoyo Sugar ya kundi la Bakhresa, ambayo leo inazalisha sukari. Siituhumu kwa lolote. Nasema tu kwamba kwa tanbihi ya 2014, kaya ile ile, kwenye shamba lile lile, ingekuwa chini ya mkataba wakati jirani yake ni Mswidi, na nje ya mkataba jirani yake anapokuwa Mtanzania. Kwa bahati nzuri rasimu tangu 2019 zimepanuliwa zikagusa shughuli zote za biashara. Katika hilo Ulaya walikuwa sahihi, na wajumbe wa Afrika wasikubali turudishwe nyuma.

Wakati Geneva inasuasua, Ulaya ilianza kujitungia. Ufaransa ilipitisha sheria yake mwaka 2017. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukatoa agizo la uangalifu stahiki kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na mauzo yanayozidi yuro milioni 450 kwa mwaka. Wino haujakauka, wakaanza kulipunguza. Desemba 2025 Bunge la Ulaya na nchi wanachama walikubaliana kiwango kipandishwe hadi wafanyakazi 5,000 na yuro bilioni 1.5, na kifungu cha Ulaya nzima kilichohusu kampuni kudaiwa fidia mahakamani kiondolewe, kila nchi ibaki na sheria yake.

Wengi walililia kupunguzwa huko. Kwa kesi yetu, hata kile kiwango cha mwanzo kisingegusa kitu. Wanaokuja kuomba hekta 20,000 Bagamoyo, Kilwa au Rufiji mara nyingi si kampuni kubwa. Ni kampuni changa, zenye ofisi ndogo ughaibuni na wazo la biashara, zinazotafuta ardhi kwanza ili zikaonyeshe hati kwa wakopeshaji. Hazina wafanyakazi 1,000, na mauzo yake ni sifuri kwa kuwa hazijaanza kuuza. Sheria inayopima ukubwa wa kampuni kwa idadi ya waajiriwa itaikosa kampuni inayoweza kuzifungia maisha kaya mia kadhaa Afrika ikiwa na waajiriwa wasiojaza daladala.

Kuna pingamizi ambalo nalipa uzito. Watu husema: mkataba wa nini, kama mtu anaweza kuishitaki kampuni kwenye mahakama za nje? Wakati mwingine anaweza. Mwaka 2021 kampuni ya Petra, wakati huo mmiliki mkuu wa mgodi wa almasi wa Mwadui, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya Watanzania waliodai walidhulumiwa na walinzi wa mgodi. Kesi ilikuwa London, na kampuni haikukiri kuwajibika kisheria. Lakini Novemba 2024 mahakama ya Ontario, Kanada, ilikataa kusikiliza madai ya wakazi wa jirani na mgodi wa North Mara dhidi ya Barrick, ikisema mahali pa kesi hiyo ni Tanzania. Yote mawili yalihusu migodi ya kwetu, watu wa kwetu, na walinzi na polisi wa kwetu. Kilichotofautisha matokeo kwa kiasi kikubwa ni kesi ilifunguliwa katika nchi gani. Rasimu za mkataba zinajaribu kuweka kanuni moja ya ni mahakama gani zina mamlaka, na hicho ndicho kifungu ambacho mawakili wa kampuni hukisoma kwanza.

Hata hivyo, kwa mtu wa Razaba kesi za London na Ontario ni za mbali kwa namna nyingine. Kesi hizo ni za risasi na vipigo, jeraha unaliona. Wakili gani atachukua kesi ya minazi ambayo haikupandwa? Na amshitaki nani, ikiwa kampuni ya mradi ni ganda lililobaki na kesi yake yenyewe dhidi ya serikali?

Ndiyo maana, katika yote yaliyowahi kuandikwa kwenye rasimu hizo, mimi nashikilia sentensi moja isiyozungumzwa sana. Rasimu ya tatu, ya mwaka 2021, katika kifungu cha 8, ilitaka nchi zizitake kampuni kuweka dhamana ya fedha, kama vile bima au hati ya benki, ya kugharamia madai ya fidia yanayoweza kutokea. Sentensi ya namna hiyo ndiyo inayoukata uzi kati ya haki ya mkazi na uhai wa mradi. Dhamana haiulizi mkopeshaji bado yupo au ameondoka. Haihitaji kampuni iwe hai.

Na hapa hatuna haja ya kuingoja Geneva, kwa kuwa jambo hili tunalijua. Mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa Tanzania anatakiwa aweke dhamana ya kurekebisha mazingira, ili akifilisika au akitoroka shimo lisibaki wazi kwa gharama ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazo dhamana za utekelezaji. Tumekubali kwamba shimo linahitaji dhamana. Watu waliohesabiwa hawajapewa.

Ingekuwaje kwa vitendo? Kabla timu ya uthamini haijakanyaga kitongoji, mwekezaji aweke benki ya hapa nchini kiasi kinacholingana na makadirio ya fidia pamoja na kiasi cha kila mwaka wa kusubiri kwa kila kaya, kitakachokokotolewa kwa mazao ya kudumu ambayo kaya imezuiwa kupanda. Tarehe ya mwisho iwe na mwisho wake yenyewe, tuseme miezi 24, na ikipita bila kuhamishwa zuio linakufa, watu wanapanda na kujenga, na malipo ya kusubiri yanatolewa bila kesi. Mradi ukifutwa, awe ameufuta mwekezaji au serikali, dhamana inawalipa wakazi kwanza, halafu ndipo pande mbili kubwa zikagombane huko kwa wasuluhishi. Na serikali ikiwa imeingia ubia kwa kutoa ardhi kama mtaji wake, kama ilivyokuwa Razaba, ichangie dhamana hiyo kwa kadiri ya hisa ilizoahidiwa.

Kampuni changa zitasema hilo litazifungia mlango. Baadhi yake, ndiyo. Kampuni isiyoweza kuweka dhamana ya mwaka mmoja wa minazi ya watu haina uwezo wa kulima hekta 20,000 za miwa, na ni afadhali hilo lijulikane kabla mwenyekiti wa kitongoji hajaitisha mkutano.